Laini ya uwakala inaandika "Insert SIM" kila mara: nisafishe dhahabu au chipu imeshakufa?

Wakala_Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha uwakala hapa Tanga, na laini ya kazi naitumia kwenye kitochi cha vibonye. Hii wiki ya tatu simu inanitia aibu mbele za watu. Niko katikati ya kumtolea mteja pesa, mara kioo kinaandika Insert SIM kana kwamba hamna laini ndani. Nazima, natoa betri, natoa laini, naifuta na pindo la kanga, narudisha, inasoma. Jana nimefanya hivyo mara saba, nilihesabu.

Laini yenyewe ni ile kubwa ya zamani, haijakatwa, nina miaka tisa nayo. Kwenda kuibadilisha si kazi nyepesi kwangu, kwa sababu imesajiliwa kwa jina la kaka yangu na yuko Mtwara. Bila kidole chake sipewi nyingine.

Naomba kujua mambo mawili. Ile dhahabu inasafishwaje bila kuharibiwa? Na nitajuaje kwamba shida si uchafu, bali chipu ndiyo imekwisha?

Mzee_wa_Kitochi
Bibie, hilo dogo sana. Chukua raba ya mwanafunzi, sugua ile dhahabu mpaka ing'ae. Halafu kata kipande cha boksi la sigara, kikunje, kiweke mgongoni mwa laini ndipo urudishe betri. Laini itakaza na hutaliona tena tatizo. Mimi simu yangu iko hivyo mwaka wa pili huu.

Baba_Naifati
Hiyo wamekufungia kwa sababu ya usajili. Yangu ilifanya hivyohivyo, ikawa haipigi wala haipokei. Nilipokwenda kuweka kidole upya ikarudi siku hiyohiyo. Laini yenyewe nzima kabisa, usiisumbue.

Wakala_Chumbageni
@Baba_Naifati lakini yangu ikisoma inafanya kazi zote, natuma na kupokea. Ikikata ndiyo simu inasema hamna laini.
@Mzee_wa_Kitochi shikamoo. Karatasi nimeshaweka tangu mwezi jana, alinifundisha kijana wa hapa jirani. Ilisaidia siku chache tu.

Fundi_Makoroboi
Dada, kabla hujashika raba wala spiriti, nakuomba usisafishe chochote kwanza. Watu wengi wanaanza kwa kufuta, wanafuta na ushahidi.

Baba Naifati amechanganya mambo mawili. Laini iliyofungiwa na kampuni bado inasomeka na simu. Kioo kitaandika No service au Emergency calls only, na majina yaliyohifadhiwa kwenye laini utayaona. Ikiandika Insert SIM, simu imeuliza "kuna mtu humo ndani?" na haikujibiwa. Hapo mtandao haujahusika kabisa. Tatizo liko kati ya pini za simu, ile dhahabu, na chipu iliyo chini yake.

Sasa fanya hivi. Zima simu, toa betri, toa laini kwa kuishika pembeni. Iweke chini ya mwanga wa tochi, uiinamishe kidogo ili mwanga uje kwa ubavu. Utaona vimikwaruzo vidogo vilivyoachwa na pini. Vihesabu. Kitochi kwa kawaida kina pini sita, tatu kila upande, kwa hiyo unatafuta alama sita, kila moja ndani ya kijumba chake.

Zikiwa tano, pini moja ya simu imelala au imevunjika, na laini yako haina kosa. Alama ikiwa imepanda juu ya mstari unaotenganisha vijumba, laini inakaa upande, na pini moja inagusa sehemu mbili. Zikiwa sita na ziko mahali pake, angalia rangi. Niambie unaona nini.

Likoni_Ferry
Hapo kwa rangi acha niongezee. Mimi nauza samaki hapa Likoni na simu inakaa mfukoni mwa aproni. Laini yangu ilikuwa na kijani pembeni mwa dhahabu kama kutu ya sufuria ya shaba. Nilisafisha ikapona wiki mbili, kijani kikarudi. Nikasafisha tena, kikarudi. Hii hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Fundi_Makoroboi
@Likoni_Ferry umesema jambo la maana. Ile dhahabu ni rangi ya juu tu, haifiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba. Kwa hiyo rangi inakuambia umechimba mpaka wapi. Njano tupu ni nzima. Mahali pa alama pakigeuka peupe kama bati, dhahabu imekwisha na pini inagusa nikeli. Laini itaendelea kufanya kazi, ila sasa inashika uchafu haraka. Ukiona wekundu au kahawia, umefika kwenye shaba. Na kijani ni shaba ambayo tayari imeliwa na chumvi na unyevu. Hicho ukikifuta unaondoa kilichokwishaliwa, lakini ulaji unaendelea palepale. Ndiyo maana chako kilirudi.

Ndiyo sababu namkatalia Mzee kusugua mpaka ing'ae. Unachokiona kinang'aa baada ya raba mara nyingi ni nikeli. Umeshakula dhahabu yote.

Mzee_wa_Kitochi
Kijana, mimi nilianza kutumia raba hujazaliwa. Laini ngapi nimezifufua!

Fundi_Makoroboi
Sikatai kwamba raba inafufua, mzee wangu. Hata mimi ninayo mezani. Lakini ni ile nyeupe laini ya penseli, mapito mawili matatu bila kukandamiza, na pale tu spiriti iliposhindwa. Ile raba yenye upande wa bluu wa kufutia wino ina mchanga ndani, ni msasa ule. Halafu ufute vumbi lake vizuri, maana vumbi la raba likiingia kwenye pini umejitafutia ugonjwa mwingine.

Wakala_Chumbageni
Nimetazama. Nimeweka na picha, samahani kamera ya simu ya mdogo wangu si nzuri. Alama ziko sita. Vijumba vinne ni vya njano safi, kimoja kina weupe katikati, na kimoja kina weusi kama masizi yenye mafuta. Kijani hakuna. Simu huwa naifunga kwenye pindo la kanga nikiwa njiani, labda ni jasho?

Fundi_Makoroboi
Jasho linatosha kabisa, na mkono wenye mafuta ya nywele pia. Weusi huo mwingi ni uchafu tu. Hapo sasa ndipo unaposafisha.

Nunua spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano. Chovya pamba ya masikio, iminye isidondoke, pitisha juu ya dhahabu kwa kuelekea upande mmoja. Geuza pamba, rudia mpaka itoke nyeupe. Spiriti ya dukani ina maji ndani yake, kwa hiyo iache laini ikauke robo saa juu ya kitambaa safi. Usiianike juani wala usiipulize kwa mdomo, mate ni unyevu na chumvi. Pafyumu usitumie, inaacha mafuta. Petroli na tina zinakula plastiki. Jiki ndiyo usiiguse kabisa, inaila hiyo metali.

Upande wa simu usichokonoe kwa sindano. Pini zile ni springi, ukiipinda moja imelala moja kwa moja. Puliza kwa bomba la kupulizia vumbi au pitisha brashi laini ya mswaki mpya mkavu, ukivuta kufuata pini zilivyolala. Na hiyo karatasi iondoe.

Kingine, fanya kabla ya yote haya: kama una majina ya wateja kwenye laini, yahamishie kwenye simu leo. Siku chipu ikifa kabisa hakuna fundi atakayekutolea.

Dereva_Tunduma
Na mimi nichangie. Laini yangu ilikuwa inasomeka vizuri lakini intaneti inatambaa. Mtu akaniambia dhahabu imechakaa, nikaisafisha, wapi. Nilipopewa laini mpya, namba ileile, ikawa inapaa. Kwa hiyo laini ikizeeka mtandao unapungua, hilo nimeliona kwa macho.

Fundi_Makoroboi
Ulichokiona ni kweli, sababu ndiyo siyo. Dhahabu haibebi mawimbi ya mtandao, antena ndiyo kazi yake. Laini za zamani sana hazikutengenezwa kwa ajili ya 4G, simu inabaki mtandao wa chini hata uwe na simu ya milioni. Kupewa mpya kulikuvusha huko. Ingekuwa ni dhahabu, simu ingekuwa inapoteza laini nzima, si kupunguza kasi.

Wakala_Chumbageni
Nimesafisha jana jioni kama ulivyoelekeza, nimetoa na karatasi. Tangu asubuhi mpaka saa hizi haijakata hata mara moja. Fundi, Mungu akuzidishie.

Mama_Vitumbua
Tunaomba uzi ufungwe basi.

Fundi_Makoroboi
Msiufunge. Hebu tusubiri siku tatu.

Wakala_Chumbageni
Fundi umeniloga! Siku ya pili mchana imeanza tena. Ajabu ni kwamba asubuhi inakaa vizuri, kuanzia kama saa sita hivi, jua likishakuwa kali kibandani, ndipo inakata. Jioni inatulia. Nimeitazama tena na tochi, dhahabu ni safi.

Fundi_Makoroboi
Sasa hiyo ni habari nyingine. Uchafu haujui saa sita na saa kumi. Kitu kinachokuja na joto na kuondoka na baridi mara nyingi ni ufa.

Niwaeleze wengine wanaofuatilia. Mnachokiita chipu, ile njano, si chipu. Chipu ni kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, kimegundishwa nyuma ya hiyo njano, katikati, na kuzibwa kwa gundi ngumu. Kutoka kwenye kila kijumba kinachofanya kazi kuna waya mwembamba sana unaoingia kwenye chipu. Waya ukikatika au chipu ikipasuka, juu utaona dhahabu safi kabisa na hakuna pamba itakayosaidia. Ukipata joto, vitu vinatanuka, pale palipokatika panaachana. Ikipoa vinagusana tena. Ndiyo maana wengi wanadhani wameiponya kwa kuifuta, kumbe imepoa tu walipokuwa wanaifuta.

Usiamini maneno yangu, pima mwenyewe kwa kubadilishana. Weka laini nyingine yoyote kwenye kitochi chako siku nzima, pamoja na hilo jua la mchana. Laini yako iweke kwenye simu ya mtu mwingine, nayo ishinde hapo kibandani. Usipime kwa dakika tano, maana ugonjwa wako unakuja mchana. Kama laini ngeni inakata kwenye kitochi, lawama ni ya simu. Kama yako inakata kwenye simu ngeni, jibu umelipata.

Halafu kama kuna fundi karibu mwenye mita, akupimie kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu aushikishe kwenye eneo kubwa la katikati ya dhahabu, kwa laini nyingi hilo limeungana na kijumba cha hasi. Mweusi apitishe kimoja kimoja kwenye vijumba vingine, huku ana laini nzima pembeni ya kulinganisha. Kwenye nzima namba hutoka mia tano, mia sita hivi. Ikitoka sifuri na mlio, chipu imepiga shoti. Mita isipoonyesha kitu kwenye kijumba ambacho kwenye laini nzima kinaonyesha, waya umekatika.

Kijana_Mita
Fundi nimepima yangu sasa hivi kwa udadisi tu, kijumba kimoja hakisomi kabisa. Ina maana laini yangu imekufa? Mbona naitumia kuandikia hapa?

Fundi_Makoroboi
😂 Kijumba hicho kiko safu moja na hasi, kile kinachofuata jirani yake, sivyo? Hicho kwenye laini nyingi hakijaungwa na chochote. Kama laini ina vijumba vinane, vile viwili vya mwisho navyo mara nyingi ni vitupu. Ndiyo nikasema linganisha na nzima, tena ya kampuni moja ikiwezekana. Na mita si hakimu wa mwisho. Kuna chipu inapima vizuri kila kijumba na bado kumbukumbu yake imeharibika ndani. Hiyo utaijua kwa tabia: simu inaitambua, inaomba hadi namba ya siri, halafu inazunguka tu na kuandika SIM registration failed, au majina yanatoka nusu, kwenye kila simu unayoweka.

Dereva_Tunduma
Na kumbukumbu hiyo inaharibiwa na nini? Maana kuna ya pili niliipoteza hivyohivyo, haikukatwa wala kulowa. Ilianza kwa kugoma kuhifadhi majina.

Fundi_Makoroboi
Kila ukiingia eneo jipya la minara, simu inaandika mahali ulipo ndani ya laini. Sehemu hiyo ya kumbukumbu ina idadi ya kuandikwa inayovumilia, kwa chipu za zamani ni kama mara laki moja. Mtu wa ofisini hafiki huko. Wewe wa Dar mpaka Tunduma kila wiki, sijui, piga hesabu mwenyewe. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichoiua yako.

Wakala_Chumbageni
Majibu haya. Laini ya mdogo wangu imekaa kwenye kitochi siku mbili na jua lote, haijakata. Yangu kwenye simu ya jirani imekata saa saba mchana, mara tatu.

Nimekwenda pia kwa fundi hapa mjini. Amepima kama ulivyosema, na laini nzima pembeni. Vijumba vyote vilisoma isipokuwa kile chenye weupe. Halafu akaikandamiza laini kidogo kwa kidole mgongoni, namba ikatokea, 570 na kitu. Alipoachia ikapotea. Alirudia mbele yangu mara nne. Kisha akaiangalia kwa ile lenzi ya jichoni, akanionyesha mstari mwembamba kama unywele unaokatiza dhahabu katikati, na upande wa nyuma plastiki imetuna kidogo. Kwa macho yangu tu nisingeuona.

Fundi_Makoroboi
Basi imekwisha hiyo, dada. Si ya kusafisha tena. Ikikandamizwa inasoma, ndiyo maana karatasi ilikupa nafuu mwanzoni. Na nahisi karatasi hiyohiyo ndiyo ilimalizia kazi, maana inasukuma mgongo wa laini katikati, mahali chipu ilipo, huku pini zinasukuma kutoka mbele. Plastiki inapinda, chipu haipindi.

Mzee_wa_Kitochi
Hapo unaonea karatasi. Amesema ilianza kukata ndipo akaweka karatasi. Ufa ulikuwepo tangu awali! Miaka tisa ya kutoa na kurudisha, nani anajua aliikalia lini?

Fundi_Makoroboi
Mzee, hapo sina jibu. Inawezekana ulikuwepo ukaongezeka. Lakini yako mwenyewe itoe uiangalie.

Likoni_Ferry
Swali la mwisho kabla dada hajaenda. Pesa iliyo kwenye laini si inapotea chipu ikifa?

Fundi_Makoroboi
Haipotei. Salio na floti ziko kwenye mitambo ya kampuni, laini ni ufunguo tu. Unapewa ufunguo mwingine wa namba ileile. Kinachopotea ni majina na meseji zilizohifadhiwa ndani ya laini. Ila dada, kabadilishe dukani kwa kampuni, si kwa vijana wa mwavuli barabarani, hasa laini yenye floti. Na ukipewa mpya muulize kama miamala itasimama kwa muda, usije ukawa umefungua kibanda na wateja wamepanga foleni.

Wakala_Chumbageni
Nimeongea na kaka, anapanda basi Alhamisi. Mpaka hapo nafungua saa kumi na mbili alfajiri na kufunga saa tano kabla jua halijawaka. Kitochi nimekiweka juu ya mtungi wa maji, ndani ya kikombe kikavu, na tangu jana kimekata mara moja tu. Majina nimeshayahamisha, mia mbili na kitu, moja moja kwa mkono.

Mzee_wa_Kitochi
Nimeitoa ya kwangu. Ina mstari. Lakini inasoma!